Siku Iliyofutwa

"Leo haiwezekane, Mwalimu!"

Athanasie alisimama kabla mwalimu hajamaliza kuandika swali la kwanza ubaoni.

Juma lililopita, katika shule yao ya misioni huko Kalembe, mwalimu alikuwa ametangaza: "Juma lijalo mutafanya mutihani siku moja tu, kati ya Jumatatu na Ijumaa. Asubuhi ya siku ile hamutajua kama njo siku yenyewe." Atakayeshindwa angerudia mwaka.

Athanasie aliwapigia wenzake hesabu. Haiwezi kuwa Ijumaa, kwani Alhamisi ikipita bila mtihani, wote watajua ni kesho. Ijumaa ikifutwa, Alhamisi inakuwa ya mwisho, nayo wataijua tangu Jumatano jioni. Vivyo hivyo Jumatano, Jumanne, Jumatatu. Hakuna siku iliyobaki. Wenzake walimwamini, wakaacha kusoma, wakaenda kupalilia maharage.

Leo ilikuwa Jumatano.

"Ulijua iko leo?" mwalimu aliuliza.

"Hapana! Nilijua haiko hata siku moja!"

"Basi sikudanganya. Hata ningengoja Ijumaa, ungeshituka tu, sababu uliisha kuifuta."

"Kwa hiyo kosa langu ni kuamini maneno yako yote?"

Kucha za Athanasie zilikuwa bado na udongo wa shamba. Darasa zima lilimtazama yeye, si mwalimu.

Akaweka kibao chake kitupu mezani. "Andika zero yangu. Lakini kwanza, mbele ya kuandika zero ya hawa wenzangu, utuonyeshe hesabu yangu ilikosea wapi."

Mwalimu aligeukia ubao. Aliandika Ijumaa, akainua chaki aikate, mkono ukabaki hewani: akiikata hiyo, Alhamisi nayo ingefuata.