Uso wa Kabaila

Kwa asubuhi ya tatu mfululizo, wakulima walimvulia kofia muuza tamali, vile vikate vya mahindi vya kufungwa majanini, na kumkabidhi barua ya kudai mashamba yao.

"Turudishie konde la mtoni, don Crispín," alisema mmoja, akijikaza asicheke. "Halafu tupe mbili za nyama ya nguruwe."

Juu ya jukwaa la mbao, mchoraji Eulalio Bárcenas alijibanza nyuma ya ndoo ya chokaa. Kosa lilikuwa lake. Serikali ya Meksiko ilimtuma achore mapinduzi yote kwenye ukuta wa shule ile, ili wasiojua kusoma wasome kwa macho. Kwa kukosa uso wa kabaila, akauiba wa mzee huyo aliyehamia pale na kuuza tamali getini. Mashavu yale! Akamvika buti, akampa na mjeledi.

Don Crispín alipanda ngazi akihema, ndevu nyeupe zikimtetemeka. "Maestro, nifute kabla ya Jumamosi."

Jumamosi ndiyo siku ya uzinduzi. Angekuja mkaguzi kutoka mji mkuu, na vijiji vyote vya bondeni.

"Utani tu huo, mzee wangu. Utapita."

"Nifute, nakusihi!" Alikuwa analia. "Tena mjeledi haushikwi hivyo."

Eulalio aliona aibu. Lakini ukuta ule haufutiki kwa kitambaa. Chokaa ikikauka huwa imeshakula rangi, vyote vimekuwa jiwe. Ukipaka juu yake, rangi mpya inabanduka na wa zamani anachungulia tena.

Basi Ijumaa fundi Nabor alikibomoa kichwa kwa patasi, akalowesha ukuta, akapiga lipu mpya nyembamba ya chokaa na unga wa marumaru.

"Una muda hadi jioni," alisema. "Ikikauka hujamaliza, utamwacha bila pua."

Eulalio alipaka mbio, rangi zikiwa zimesagwa kwa maji matupu. Aliapa kubuni mtu asiyepata kuwepo duniani. Akamnyoa ndevu zote. Akampunguzia miaka kumi na tano, akazifanya nywele nyeusi, masharubu akayasokota kuelekea juu. Mashavu tu ndiyo yalimshinda, mkono ulishayazoea. Alipomaliza, akashusha pazia.

"Bado nafanana naye?" don Crispín aliuliza kutoka chini.

"Hata mama yako asingekujua."

Mzee akambusu mkono. Kesho yake alikuja na sufuria mbili za tamali, akiimba.

Pazia lilipoanguka, mkaguzi alifungua kinywa ahutubie, lakini hakuna aliyemtazama. Wanaume wa bonde la juu walikuwa wamevua kofia, na safari hii hakuna aliyecheka. Doña Petronila, aliyezaliwa kwenye vibanda vya shamba la kabaila wa huko juu, yule aliyetoroka mapinduzi, alipiga ishara ya msalaba. Kisha akageuka polepole kuelekea zilipokuwa sufuria.

"Kumbe ulifuga ndevu tu, bwana mkubwa," alisema.