Jina Tulilomchagulia

Kwa mara ya tatu Badi aliikunjua karatasi yake.

"Ndugu zangu, karibuni, na asanteni kwa kuacha shughuli zenu. Leo binti yetu ametimiza siku saba. Kichwa kimenyolewa, mbuzi wa akika yuko jikoni, na jina tulilomchagulia mimi na mke wangu..."

"Ni la marehemu mama yako!" alidakia shangazi yake, sahani ya nywele za mtoto mapajani. "Binti wa kwanza hupewa jina la bibi yake mzaa baba. Au siku hizi majina mnayaokota redioni?"

Wanawake wakacheka. Badi akashusha pumzi.

"Shangazi, niache nimalize."

"Malizia basi, pilau inapoa!"

"Jina la Mama wanalo mabinti watatu wa kaka zangu. Kwa hiyo sisi..."

"Na wa nne kakukatazeni nani?"

Badi aliikunja karatasi, akaisokomeza mfukoni.

"Basi! Anaitwa Mwanakombo! Jina lako wewe, Shangazi. Mama alifariki ningali nanyonya, ukanilea wewe. Jina lako halina wa kulibeba, nasi tumeona alibebe huyu. Ndiyo hotuba yenyewe hiyo, na tangu asubuhi hujaniacha niisome!"

Ukumbi mzima ulimgeukia Shangazi Mwanakombo. Alifungua mdomo, akaufumba.

Ndipo Mwanakombo mdogo alipoanza kupiga kelele, na hakuna aliyeweza kumnyamazisha.