Ukuta Hukatwa Miguu

"Chini! Piga chini, bwege wewe!" Nofri alimfokea mpiga mzinga. "Kichwa cha ukuta kimekukosea nini? Ukate miguu!"

Mpiga mzinga, Mfaransa aliyeunguzwa nyusi na baruti, akamgeukia Kapteni Brandano. Kapteni akaitikia kwa kichwa. Fundi aliyeziba nyufa za ukuta wa mji huu wa Montegrifo miaka yote ndiye huyu Nofri, na sasa alikuwa upande wao.

Mdomo wa mzinga ukashushwa. Tufe la chuma likagonga chini kabisa, pale mawe yanapoingia handakini. Mzinga wa pili ukapiga kando ya shimo lile, wa tatu kando ya la pili, mpaka ukapatikana mstari uliolala na ardhi. Juu ya ukuta watu walikuwa wakimwaga mafuta ya moto yasiyomfikia yeyote.

"Enzi za manati makubwa ya kurushia mawe, urefu uliwaokoa," Nofri alisema. "Ngazi hazikufika. Leo urefu ndio mzigo wao. Mzinga unauona ukuta toka mbali, na ukishakatwa chini, uzito wake wenyewe unaumaliza. Na wembamba ule! Huwezi hata kupandisha mzinga wa maana kule juu. Ukilipuka tu, unarudi nyuma na kuanguka na watu wake."

"Hukuwaambia?"

"Niliwaambia mpaka koo likakauka! Shusheni ukuta, uzamisheni handakini adui asiuone. Unenepesheni kwa udongo, maana jiwe hupasuka lakini udongo humeza tufe. Ondoeni minara ya duara, wekeni pembe zilizochongoka, kila pembe ilinde ubavu wa mwenzake. Unajua wazee wa baraza walinijibu nini? 'Nofri anataka tulale nyuma ya tuta la kabichi.' Wakacheka, wakanifukuza mjini kama mbwa."

"Hakuna hata mmoja aliyekuelewa?"

"Mke wangu alinisikiliza. Basi tu, anisikilize halafu aniambie nile, supu inapoa."

Brandano akacheka. Nofri hakucheka. "Tessa asiguswe, kapteni. Uliapa."

"Niliapa. Lakini askari wangu hawa wakishaingia mjini, nani atawashika mikono? Ukimtaka mzima, mfikie kabla yao."

Nofri aliwajua askari hao. Kule Sant'Orso, mji waliouteka kabla ya huu, aliwaona wakiwatupa wanawake kisimani, wengine bado wanapiga kelele. Usingizi ulimhama tangu siku ile. Aliuchukia mji wake, ndiyo, na wazee wake wafie mbali. Lakini Tessa! Akachukua nyundo yake ya kazi, akaenda kusimama mbele ya askari wote.

Aliwakusanya chini ya mnara wa duara. Hapo palikuwa salama: aliye juu hawezi kumwona aliye mguuni mwa mnara bila kutoa kiwiliwili nje, na tumbo la duara huwaficha watu hata kwa minara ya jirani. Waliochungulia walipigwa risasi za uso.

Kisha ukuta ukaguna. Ukainama taratibu, na watu wake wakiwa juu yake, wakaanguka wote pamoja. Vumbi lilipotulia, handaki lilikuwa limejaa kifusi, na kifusi kimekuwa njia ya kupanda. Miguu ya watu ilichomoza katikati ya mawe, mingine ikitikisika.

"Twende!" Nofri alipiga kelele.

Kileleni kijana mmoja alimjia na mkuki. Nofri akaukwepa, akampasua kichwa kwa nyundo. Alimfahamu, mtoto wa muuza ngozi. Walinzi wengine wakakimbia. Nofri akaangaza macho kuutafuta mlango wa nyumba yake.

Nyumba haikuwepo. Mtaa mzima haukuwepo. Kulikuwa na handaki jipya, refu kwenda chini, na ng'ambo yake tuta la udongo, fupi, nene, limelala kimshazari, limebanwa kwa matita ya fito. Ule ukuta mrefu ulikuwa umelificha. Mwisho huu pembe iliyochongoka, na mwisho ule nyingine.

"Rudini!" alipiga kelele. Nani amsikie? Mamia walikuwa wakisukuma kutoka nyuma. Wakamwagika handakini, naye akiwa wa kwanza.

Mzinga uliojificha ubavuni mwa pembe ya kushoto ukatapika misumari na minyororo, ukalifagia handaki toka mwisho hadi mwisho. Watu wakakatika viuno. Ule wa kulia ukaitikia. Mfaransa akarusha tufe kupitia pengo. Likazama katika tuta, bup, na tuta likabaki vilevile. Aliyejaribu kupanda aliteleza kwenye damu ya mwenzake.

Nofri akatambaa juu ya maiti hadi kwenye ncha ya pembe, akajibanza. Mnara wowote una mahali pa kujificha mguuni. Akageuka kutazama. Mzinga wa pembe ya pili ulikuwa ukimtazama uso kwa uso. Kila kipimo kilikuwa chake, hakikukosewa hata kimoja.

Nyuma ya mzinga walisimama wanawake, matope hadi viwikoni.

"Upande huu tayari, fundi Tessa!" mmoja aliita.

Na kweli alikuwa Tessa, amekonda, utambi unawaka mkononi.

"Tessa!" Nofri akasimama, akatupa nyundo, akanyoosha mikono. "Tessa, ni mimi! Nimekuja kukuokoa!"

Tessa akamtazama vizuri, asije akamfananisha na mwingine.

"Nakuona, mume wangu," alisema, akashusha utambi kwenye baruti ya mzinga.