Kumbusho la Moshi

Uvumi ule ulimganda Mama Mkate kama unga kwenye nyusi: anaupangusa, hautoki. Jirani alimnong'oneza wakiwa bombani kwamba mumewe haishi kuingia kwa mpangaji wao, yule mwanamke fundi cherehani, yeye Mama Mkate akiwa kiwandani anakanda mikate. Jirani akaapa kwamba si mmbea, ni macho tu yamemponza.

Hapo ndipo moshi ulipopata mwenyewe. Kwa muda chumba cha watoto kilikuwa kinanuka sigara, na kitindamimba wake mwenye pumu alikuwa akiamka kifua kinapiga mluzi kama birika. Chumba hicho kimepakana na cha Fundi. Dari hakuna, na ukuta unaishia kabla ya kufika bati. Moshi wa upande mmoja hauombi ruhusa kwenda wa pili.

"Basi ndiye," alijisemea. "Mapafu ya mwanangu na mume wangu, vyote anavitaka."

Akaapa mezani, mbele ya mumewe na watoto, kwamba atakayemkuta akivuta chini ya paa lile atalala nje, hata awe nani.

Wivu ulimtuma akamtupie Fundi virago uani. Lakini mpangaji ana mkataba, hafukuzwi kama paka aliyedokoa. Akachukua karatasi, akaandika polepole. Alimkumbusha Fundi kwamba walikubaliana hakuna kuvuta vyumbani, ukumbini wala chooni. Akaeleza kwamba daktari amesema moshi wa mtu mwingine unatosha kumfunga mtoto pumzi, na kufungua dirisha hakusaidii, maana unaganda kwenye mapazia na magodoro. Anayetaka kuvuta avutie nyuma ya nyumba, mbali na madirisha, na sigara aizime kwenye kopo la mchanga. Akampa wiki mbili za kuacha kuvuta ndani na kufua mapazia. Baada ya hapo watakagua pamoja, na ikiwa bado, itafuata notisi ya mwezi mmoja kama mkataba unavyosema.

Fundi aliisoma akiwa amesimama, futikamba shingoni. Hakubisha.

"Mama, muda unaweza kuongezeka kidogo? Kuacha si kazi ya siku moja."

"Nani kakwambia uache? Kavutie nje."

Fundi akatabasamu kidogo, kisha akamwomba kiberiti awashe jiko, kwake hana hata njiti. Mama Mkate akampa huku roho inamuuma. Akaona anachezewa shere mchana kweupe.

Wiki hiyo, akifua, akakuta peremende za mnanaa kwenye mfuko wa suruali ya mumewe, mtu ambaye hata chai hanywi na sukari. Alizirudisha, akalala amempa mgongo. Na kifunguamimba wake, binti wa sekondari aliyekuwa nyumbani kwa likizo, akaja kumwombea Fundi, shavu limetuna kwa peremende: mama, si umwache tu? Mama Mkate akaona hata binti ameshatekwa.

Siku ya ukaguzi alimwambia Fundi angefika jioni. Lakini tanuri la kiwandani likaharibika, wafanyakazi wakaruhusiwa, akarudi mchana. Mlango wa Fundi ulikuwa umeegeshwa. Ndani, mumewe amekaa kwenye kigoda, anasema kwa sauti ya chini kama mtu anayebembeleza.

Miaka yote ya ndoa aliiona imekaa juu ya kigoda kile.

"Baba Watoto. Leo nimekukuta."

Mume akainuka. Fundi alisogea kando.

"Kagua, mama."

Akakagua, maana mikono ilihitaji kazi, la sivyo ingepiga mtu. Alinusa pazia, likanuka sabuni. Alipapasa chini ya kitanda, nyuma ya cherehani, kingo za dirisha. Hakuna jivu, hakuna kichungi.

"Nilikuwa nakuja tushauriane tu, kisha nikamwomba abebe lawama yeye," mumewe akasema, macho chini. "Mpaka mwenyewe aache. Uliapa atalala nje."

"Mwenyewe nani?"

Moshi ulikuja wenyewe, mwembamba, ukivuka juu ya ukuta kutoka chumba cha watoto, na nyuma yake kikohozi cha msichana.

Jioni ile karatasi mpya ilibandikwa mlangoni, si mlango wa Fundi:

Mwanangu, wiki mbili, kama nilivyompa mwenzako.
Usivutie chumbani.
Usivutie dirishani ukidhani upepo utakuficha.
Usivute karibu na mdogo wako, hata akiwa amelala.
Usimtwike mtu mwingine mzigo wako.
Usiniogope.