Aliye Mbele ya "Wa"

Wembe ulikuwa umemaliza nusu ya kichwa cha Nyevu, naye bado hajatoa chozi. Wanawake wa Magogoni walimlilia. Yeye aliketi mkekani tu, akisikia baridi utosini.

Asubuhi ile tarishi wa serikali alisimamisha baiskeli uani. "Nimetumwa niseme kuwa bwana Garama amefariki," alisema. "Chengo wa Garama." Alifia wapi, kwa nini, hakujua. Habari alipewa kwa mdomo, naye akaitua kwa mdomo, akaenda zake.

Nyevu alikuwa na wanaume wawili katika jeshi la Keya, vitani Burma: mumewe Chengo na mwanawe Garama. Sasa yupi? Alivuka njia mbio hadi dukani kwa Hamdun, jirani yake wa miaka mingi, akamweleza.

"Tarishi kaanza vibaya, kamaliza sawa," Hamdun alisema. "Sikiza, Bi Nyevu. Mimi ni Hamdun bin Aqil. Hamdun ndimi, Aqil ni babangu. Ukimtaka babu, watia bin ya pili. Hiyo 'wa' yenu ni bin yetu. Mwenye jina yuko mbele, babake yuko nyuma. Mwanao ni nani wa nani?"

"Garama wa Chengo."

"Na babake?"

"Chengo wa Garama. Kwetu mwana wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba."

"Basi mwanao yu hai, wallahi." Hamdun aliinamisha kichwa. "Pole, mama. Ni mumeo."

Nyevu alishukuru. Ndiyo, alishukuru kwanza, kisha akaona haya, na baada ya haya hakuona kitu tena. Akarudi nyumbani akawaambia wanawake walete wembe.

Jambo moja tu alilikazania. Kache, mke wa Garama, alikuwa hospitali ya serikali kule kisiwani akingoja uchungu. "Asiambiwe habari za mkwewe," Nyevu alisema. "Ajifungue kwanza kwa amani. Mumewe yu hai, hilo latosha."

Kichwa kikaisha. Wakamfunga kitambaa cheusi, wakampa uji, akaushika bila kuunywa.

Jua lilikuwa bado kali Kache alipoingia uani, taratibu, peke yake. Tumbo lilikuwa limeshuka na kanga imelowa kifuani. Aliwatazama wanawake, akakitazama kitambaa cheusi, akapiga magoti mbele ya mkwewe.

"Kumbe wa hospitali wamekwisha waambia," alisema. "Mimi ndimi niliyewaomba walete habari, mama, nilishindwa kuja kuisema mwenyewe. Mtoto alilia mara moja tu. Nikaona asiende bila jina, nikampa la babu yake mzaa baba."