Kidevu cha Shija

Sura ya Shija ilikuwa imekamilika kwenye bamba la shaba, ikabaki taya tu. Picha yake pekee ilipigwa juani, na hapo palikuwa peupe tupu.

"Mistari yangu huzunguka uso kama uzi kwenye yai," alisema Bi Zawena, mchongaji. "Nisipojua nyama inapindia wapi, nitachonga ukuta. Paji na mashavu nimeyapata kwako, mama. Kidevu si chako."

"Ni cha baba yake," alijibu Nyamizi, mama yake Shija. "Yule pale mlangoni. Kaja kwa kuogopa macho ya watu tu."

Masanja, aliyemkana mtoto tangu tumboni hadi kaburini, akaketi bila salamu. Bi Zawena akampapasa taya, kisha ncha ya chuma ikafuata njia ileile kwenye shaba. Mistari ikapinda chini ya mdomo, ikabanana kivulini. Hapo akaikata kwa mingine ya mshazari, yenye kina zaidi ili ishike wino mwingi. Penye mwanga akaivunja ikawa nukta.

Akapaka wino, akaufuta juu ukabaki kwenye mistari, akagandamiza karatasi. Shija akatoka mzima.

"Ni yeye," alinong'ona Masanja. "Ni... ni mimi."

"Ndiyo," alijibu Nyamizi. "Unamkubali sasa, amekufa."

Masanja akanyoosha mkono.

"Usiguse," alisema Nyamizi. "Haijakauka."

Mkono ukasita hewani, kisha ukarudi polepole kwenye kidevu chake mwenyewe.