Jumapili Zisizo na Mvua

Katika madaftari ya Eliza, mvua haikuwahi kunyesha Jumapili. Miaka thelathini na minane, hata tone.

Kristofa, mtaalamu wa hali ya hewa aliyetoka Dar es Salaam kuwaandalia ombi la fedha za kuhama, alifunua kurasa, akarudi nyuma, akafunua tena. Walikuwa wamekaa barazani kwa Eliza, na ufa ambao mvua zilikuwa zimeupasua mlimani ulionekana kutoka pale pale: mstari mwekundu juu ya mashamba ya viazi. Chini yake zilikuwa nyumba kumi na tisa za Kwemkole, ya Eliza ikiwa ya tatu.

"Mama, samahani. Hizi sifuri za Jumapili…"

"Jumapili ni siku ya Bwana, mwanangu. Marehemu baba alinikabidhi kile kipimo cha mvua na sharti hilo. Nakisoma Jumatatu saa tatu, mvua ya siku mbili pamoja."

Kristofa alifunga daftari taratibu. Hakumkaripia, na hilo ndilo lililomtia Eliza hofu.

Alimweleza. Mfuko wa hasara za tabianchi unachangiwa na nchi tajiri, zile zilizochoma makaa na mafuta tangu enzi za mababu zao. Zinatoa kama msaada, hazikiri kosa. Ukiandika neno fidia, ombi linarudi. Na wakaguzi wake hawasomi machozi, wanasoma takwimu. Wanataka miaka thelathini ya vipimo vya kila siku ili waone kama mvua kubwa zimezidi, kisha wazilinganishe kwenye kompyuta na dunia ambayo moshi ule usingekuwapo. Kituo kingine kipo Mombo, bondeni, na mvua ya bondeni si ya mlimani.

"Wakiona mvua kubwa nyingi zimeangukia Jumatatu, watasema daftari ni bovu."

"Na ule mfuko mwingine, wa kujikinga kabla ya maafa?"

"Walishajibu. Foleni ya miaka sita."

Mjukuu wa Eliza, Dorkasi, wa miaka minne, alikuwa uani akimlisha kuku maganda ya ndizi. Watoto arobaini na mmoja walikuwa wakilala chini ya ufa ule.

"Huyu amechoma nini?" Eliza aliuliza, akimwonyesha kwa kidevu.

Eliza akajifunika uso kwa kanga, akalia. Maisha yake yote alikuwa mtiifu kwa baba na kwa Mungu, na sasa utiifu wenyewe ulikuwa umewafungia wajukuu mlango.

Mtu alikohoa uani. Alikuwa jirani yake Sharifu, miguu imejaa udongo wa shambani. Mkononi alishika daftari kuukuu lililofungwa ndani ya mfuko wa nailoni.

"Dada Eliza, nimewasikia toka shambani, nikalifuata hili. Usinilaani."

"Nikulaani kwa lipi?"

"Ninyi mkiwa kanisani, mimi nilikuwa nachungulia kipimo chako. Kila Jumapili, saa tatu. Nilitaka kujua kama nipulize dawa nyanya zangu au niache. Naangalia, naandika, naondoka. Sijawahi kumwaga hata tone, wallahi."

"Tangu lini?"

"Tangu nihamie hapa. Miaka thelathini na mmoja."

Eliza aliondoa kanga usoni. "Mgosi we, mwanamume mzima! Mwizi wa mvua mkubwa!" Akacheka huku machozi yakiendelea kumtoka.

Kristofa alifanya kazi siku mbili barazani pale. Alichukua kipimo cha Jumatatu, akatoa ndani yake cha Jumapili cha Sharifu, na kila siku ikarudishiwa mvua yake. Mstari wa mvua kubwa aliouchora ulipanda kama njia ya mlimani kwenda Shume. Ombi likaenda.

Miezi saba ikapita. Ufa ulikuwa wa kupitisha mkono. Ukawa wa kumeza mbuzi. Kisha Kristofa akarudi na barua, akaisoma barazani, Eliza na Sharifu wakisikiliza.

Rekodi za Kwemkole zilikuwa bora kuliko zote zilizopokelewa mwaka ule. Hazikuwa na dosari. Mchango wa moshi katika mvua zile ulikuwa umethibitika, na wakaguzi walikubali kwamba mlima ungeshuka, pengine kabla ya masika ya tatu. Eliza akapiga kigelegele mpaka Dorkasi akaja mbio. Sharifu akasema alhamdulillahi.

"Basi tunahama lini?" Eliza aliuliza.

Kristofa aliendelea kusoma bila kuinua kichwa. Mfuko ule hulipia hasara iliyokwisha kutokea, na Kwemkole hakuna nyumba iliyoanguka wala mtu aliyekufa. Ombi liletwe tena mlima ukishashuka. Hadi hapo, wanamwomba Mama Eliza aendelee kupima, na Jumapili pia, ili siku ya mlima kushuka isije ikakosekana katika rekodi.